Metformini inakuharisha? Angalia kama ni dozi, chakula au figo

Unakuta watu wawili wamekuja dirishani kuchukua dawa asubuhi hiyo hiyo na lalamiko ni lile lile, "hii metformini inaniharisha". Wa kwanza unamwambia endelea tu, tutapunguza dozi kidogo na tupange vizuri na chakula, litapita. Wa pili unamwambia usimeze tena hata kimoja mpaka tupime figo. Dawa moja, tumbo lile lile, ila ushauri ni tofauti kabisa, na ukiwachanganya hao wawili mmoja anaacha dawa nzuri bila sababu na mwingine anaweza kuishia ICU. Kwahiyo naandika hapa jinsi ya kuwatofautisha, maana swali hili naulizwa kila siku ya kliniki ya sukari.

Swali la kwanza sio unaharisha mara ngapi. Swali la kwanza ni umeanza lini dawa na tumbo limeanza lini.

"Nimeanza dawa wiki hii, tumbo linaunguruma na naendesha"

Hili ndo la kawaida kuliko yote. Metformini ikiingia inakaa kwa wingi sana kwenye ukuta wa utumbo, nyingi kuliko ile iliyopo kwenye damu, na utumbo unalalamika: kuharisha, gesi, kichefuchefu, hamu ya kula inapotea, na wengine wanasikia ladha ya chuma mdomoni kama wamelamba sarafu. Haimaanishi dawa ni feki wala haimaanishi "mwili umeikataa". Kwa wengi inatulia yenyewe ndani ya wiki mbili mpaka nne.

Ila ukichunguza vizuri, wengi wanaoteseka sana wameanzishwa dozi kubwa siku ya kwanza. Unakuta kadi imeandikwa metformini 1000 mg 1x2 kwa mtu ambae hajawahi kuimeza maishani, sukari yake ilikuwa 17 na daktari alikuwa na haraka ya kuishusha. Namuelewa daktari, lakini tumbo halielewi haraka. Njia inayovumilika ni kuanza na 500 mg moja tu kwa siku, pamoja na mlo wa jioni, wiki nzima. Wiki ya pili 500 asubuhi na 500 jioni. Wiki ya tatu 500 asubuhi na 1000 jioni, wiki ya nne 1000 na 1000. Hapo umefika 2000 mg kwa siku ambayo kwa watu wengi ndo dozi inayofanya kazi vizuri, kuongeza zaidi ya hapo faida yake ni ndogo na tumbo linalipa. Kama ukipanda ngazi moja tumbo likaharibika, unarudi ngazi ya chini unakaa hapo wiki mbili afu unajaribu tena. Kuna watu wanakwama kwenye 1000 kwa siku na wanakaa hapo hapo miaka, sukari iko sawa, hamna shida.

Kwahiyo kama we ni wa kundi hili, usiache kimya kimya afu miezi mitatu baadae uje kliniki na sukari 20. Rudi, sema tumbo limekataa, omba ushushiwe dozi.

"Lakini mimi nakunywa na chakula na bado naharisha"

Hapa huwa nauliza, chakula gani? Na majibu yanachekesha. Chai ya rangi na kipande cha andazi saa kumi na mbili asubuhi, huku mtu anakimbilia daladala, hicho sio chakula kwa maana ya metformini. Chakula hapa ni mlo kamili, ugali na mboga na maharage, wali na samaki, ndizi za kupika, kitu ambacho kinajaza tumbo. Kazi ya chakula ni kuifanya dawa iingie taratibu badala ya kumiminika yote kwenye utumbo mtupu.

Afu kuna suala la kumeza lini hasa. Watu wengi wanatumia metformini pamoja na glibenklamidi, dawa ingine ya sukari, na kwa kuwa glibenklamidi wameambiwa wameze muda mfupi kabla ya kula, basi wanameza vyote viwili pamoja afu ndo wanaanza kusonga ugali. Metformini imeshatua kwenye tumbo tupu nusu saa nzima. Zitenganishe: glibenklamidi unapokaa mezani, metformini ukishafika katikati ya sahani au ukimaliza tonge la mwisho. Mabadiliko haya madogo nimeona yamemaliza kichefuchefu kwa watu ambao walikuwa tayari wameomba wabadilishiwe dawa.

Kama mlo wako mkubwa ni mmoja tu kwa siku, wa jioni, basi dozi kubwa iende huko. Na ukiruka mlo, ruka na hicho kidonge, usikifidie kwa kumeza viwili baadae. Mwezi wa Ramadhani ni hivyo hivyo, anaetumia 500 mara tatu kwa siku mara nyingi anapangiwa 1000 wakati wa futari na 500 wakati wa daku, ila zungumza na kliniki kabla mwezi haujaandama, hasa kama una glibenklamidi au insulini, maana hizo ndo zinaweza kukuangusha saa tisa mchana, sio metformini.

Kama umefanya yote hayo na bado, uliza kuhusu ile ya kutoa dawa polepole, boksi lake lina herufi XR au SR. Unameza mara moja jioni na chakula na kwa wengi tumbo linatulia. Mambo mawili tu kuhusu hiyo. Usiivunje wala kuitafuna wala kuisaga kwa ajili ya mzee anaeshindwa kumeza, ukiisaga umeigeuza kuwa ile ya kawaida tena dozi yote kwa mpigo. Na usishtuke ukiona kitu laini kama kidonge kizima kwenye choo, ni ganda tu, dawa yenyewe ilishatoka ndani ikaingia mwilini. Nimeshaletewa ganda hilo limefungwa kwenye tishu kama ushahidi kwamba dawa za hospitali hazifanyi kazi.

"Nimetumia miaka sita bila shida, sasa ndo naharisha"

Hapa ndo uketi vizuri.

Mtu aliyetumia metformini miaka bila tatizo afu ghafla anaharisha, usikimbilie kusema ni metformini. Inawezekana, kuna watu tumbo linawageuka baada ya muda mrefu, lakini kwanza pitia mengine. Je boksi limebadilika? Alikuwa anapewa SR, mwezi huu imeisha akapewa ya kawaida, na hakuna aliyemwambia. Je ameongezewa dozi? Je ameanza dawa ingine, antibayotiki kwa mfano? Kama hamna lolote kati ya hayo na ni choo laini tu kisicho na homa, kinachoendelea wiki na wiki, daktari anaweza kumsimamisha metformini kwa wiki mbili huku anapima sukari. Tumbo likitulia, na likiharibika tena ukirudia dawa, umepata jibu.

Ila kama kuharisha kumekuja ghafla, kwa nguvu, na kutapika au homa, hilo ni tumbo la maambukizi, chakula kibaya, maji machafu, kipindupindu. Na hapa swali linageuka. Haliulizi tena metformini imeleta nini kwenye tumbo. Linauliza tumbo litafanya nini kwenye figo, na figo zitafanya nini na metformini.

Figo zinaingiaje hapa

Mtaani kuna imani kwamba metformini inaua figo. Naisikia kila wiki, na watu wanaacha dawa kwa sababu hiyo. Kinachoua figo kwa mgonjwa wa sukari ni sukari yenyewe ikikaa juu miaka, na presha isiyodhibitiwa. Metformini haiharibu figo. Ila inazitegemea kwa asilimia mia, maana ini haliivunji-vunji kama linavyovunja dawa zingine, inatoka mwilini ikiwa nzima kupitia mkojo. Figo zikiwa nzima, sehemu kubwa sana ya dawa uliyomeza leo, kama asilimia 90 ya ile iliyoingia kwenye damu, imeshatoka ndani ya saa 24. Figo zikidhoofika, ile ya leo haijatoka umemeza ya kesho, inajilimbikiza.

Na ikijilimbikiza shida sio kushuka sukari kama watu wanavyodhani. Mwili unatengeneza asidi ya laktiki kila siku, ini linaichukua na kuitumia. Metformini ikizidi inalizuia ini kufanya hiyo kazi, asidi inapanda kwenye damu. Ni tukio la nadra, mwenye figo nzima hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake, lakini likitokea wengi hawatoki salama, ndo maana tunaongea hivi.

Mtu anaeharisha na kutapika siku tatu amepoteza maji na chumvi, damu inayofika kwenye figo inapungua, figo zinapunguza kazi. Zinaweza kushuka ndani ya siku mbili tatu, kwa mtu ambae kipimo chake cha mwezi uliopita kilikuwa kizuri. Kwahiyo lile jibu zuri la mwezi uliopita halikulindi leo.

Kusoma karatasi ya maabara

Kipimo cha figo ni kreatinini, taka ya mwili ambayo figo zinaitoa kwenye damu. Karatasi nyingi zinaandika kwa µmol/L, zingine kwa mg/dL, na watu wanapotumiana picha za majibu wanagombana kwa sababu mmoja ana 150 na mwingine ana 1.7 na ni kitu kile kile. Ukitaka kutoka µmol/L kwenda mg/dL gawa kwa 88.4.

Lakini kreatinini peke yake inadanganya. Inatoka kwenye misuli, kwahiyo kijana mwenye mwili na bibi mwembamba wakiwa na namba moja hawana figo za aina moja. Ndo maana inageuzwa kuwa eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, ambayo inaingiza umri na jinsia. Chukua hiyo kreatinini ya 150. Kwa mwanaume wa miaka 35 inatoa eGFR kama 53. Kwa mama wa miaka 62 inatoa kama 34. Yule wa kwanza anaendelea na metformini huku anafuatiliwa, yule wa pili anatakiwa apunguziwe nusu na kama imeshuka ghafla asimamishwe kabisa kwa muda. Kama maabara yako inakupa kreatinini tu bila eGFR, mwambie daktari au mfamasia akupigie hesabu, zipo kikokotoo za simu zinazotumia fomula inayoitwa CKD-EPI, ni dakika moja.

Mistari ya eGFR ya kukumbuka ni mitatu. Ikiwa 60 kwenda juu, meza dozi yako, pima figo angalau mara moja kwa mwaka. Kati ya 45 na 59 unaendelea lakini kipimo kinakuwa kila miezi mitatu mpaka sita. Kati ya 30 na 44 haianzishwi kwa mtu mpya, na aliyekuwa anatumia anashushwa, kwa kawaida isizidi 1000 mg kwa siku nzima. Chini ya 30, inasimamishwa. Hapo hamna cha kuvumilia wala kupunguza, ni kuacha na kupangiwa dawa ingine.

Protini kwenye mkojo peke yake haisimamishi metformini. Nasema hivi kwa sababu mtu akiambiwa "una protini kwenye mkojo" anarudi nyumbani anatupa vidonge. Ni dalili kwamba figo zimeanza kuguswa na inabidi zifuatiliwe, ila uamuzi wa metformini unatoka kwenye eGFR.

Mama mmoja, siku tatu za kuharisha

Mama wa miaka 62, sukari miaka tisa. Dawa zake: metformini 1000 1x2, glibenklamidi 5 mg 1x2, losatani 50 na ile ya kukojoza, haidroklorothiazidi, kwa ajili ya presha. Magoti yanamsumbua kwahiyo ananunua diklofenaki duka la dawa, na hiyo haipo kwenye kadi kwa sababu kwake diklofenaki sio dawa, ni ya maumivu tu. Kreatinini yake miezi sita nyuma ilikuwa 98, ambayo kwake ni eGFR ya 56.

Alikula kwenye shughuli Jumamosi, usiku ule akaanza kutapika na kuendesha. Jumanne mtoto wake ndo anakuja, ombi lake ni moja: "Naomba mumbadilishie mama hii metformini, inamharisha sana." Na mama, kwa utiifu wote, alikuwa ameendelea kumeza kila kitu kwa siku tatu, maana kliniki walimfundisha usiache dawa za sukari hata siku moja. Mafunzo hayo ni mazuri, ila yana nyongeza yake ambayo watu hawaambiwi.

Tukauliza maswali ya kawaida. Kizunguzungu akisimama, ndio. Midomo imekauka. Mkojo, tangu asubuhi mara moja tu, kidogo na wa njano iliyokolea kama chai. Hilo la mkojo ndo la kuuliza kwanza kwa mtu yoyote, linakwambia habari za figo kabla maabara haijafungua.

Kreatinini ikarudi 150, eGFR 34. Mtu anaweza kusoma akasema 34 iko juu ya 30, basi tumpunguzie nusu aende nyumbani. Hapana. Hesabu ya eGFR inafanya kazi kama kreatinini imetulia. Mtu ambae figo zake zinashuka sasa hivi, kreatinini bado inapanda, hiyo 34 ni picha ya jana na figo za leo zinaweza kuwa chini zaidi. Kwahiyo ikishashuka ghafla metformini inasimamishwa bila kubishana na namba.

Na angalia zile zingine. Losatani, ya kukojoza na diklofenaki, zikikutana tatu kwa mtu aliyekaukiwa maji ni balaa, kila moja inazipunguzia figo msaada kwa njia yake. Daktari akazisimamisha zote tatu pamoja na metformini. Glibenklamidi nayo ikasimama, kwa sababu mbili: mama hali chochote, na figo zikiwa chini glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari, saa ingine siku nzima au zaidi hata baada ya kumpa glukosi. Mtu anakumbuka kusimamisha metformini kwa hofu ya figo afu anaiacha glibenklamidi, na hiyo ndo inamkuta usiku.

Alilazwa, akapewa dripu, baadae ORS kwa mdomo. Familia iliogopa ORS kwa sababu ina sukari. Lita nzima ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi, chupa moja ya soda ina zaidi ya gramu 30. Mpeni ORS. Sukari yake ilipanda mpaka 14 siku hizo bila dawa na hatukuhangaika nayo, walikuwa wanaipima kila baada ya saa chache na insulini ipo tayari ikihitajika. Kumi na nne kwa siku chache inavumilika.

Kuhara kukakata, akaanza kula uji na wali laini, akanywa vizuri siku mbili mfululizo. Wiki moja baadae kreatinini 115, eGFR 46. Haijarudi kwenye 56 ya zamani. Akarudishiwa metformini, 500 1x2 pamoja na mlo, sio ile 2000 aliyokuwa nayo. Glibenklamidi daktari akaibadilisha kuwa gliklazidi ambayo ni rafiki zaidi kwa figo, losatani ikarudi kwa sababu inazilinda figo mtu akiwa mzima, na diklofenaki ikaandikwa kwenye kadi kwa wino mwekundu: ASITUMIE. Kwa magoti anatumia paracetamo. Kipimo kingine baada ya miezi mitatu.

Ile nyongeza ambayo hakuambiwa ni hii, iandike nyuma ya kadi yako: ukitapika, ukiharisha sana au ukipata homa kali mpaka huli wala hunywi, metformini inasimama. Unaanza tena ukishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 mpaka 48. Ikipita siku mbili hujapata nafuu, au mkojo umepungua, nenda upimwe figo kabla ya kurudia. Anaetumia insulini asiiache yote kwa kigezo hiki, insulini ina sheria zake na kuiacha ghafla ni hatari, piga simu kliniki.

Dalili za kwenda hospitali sasa hivi

Asidi ikipanda haitoi kengele ya pekee, inaanza kama uchovu na tumbo. Kinachoitofautisha ni pumzi. Mtu anapumua haraka na kwa kina kama ametoka kukimbia, wakati amelala kitandani. Pamoja na hapo misuli inauma, tumbo linauma, anatapika, mwili wa baridi, usingizi usio wa kawaida, anaongea vitu havieleweki. Metformini ya kawaida inayosumbua tumbo haimfanyi mtu apumue hivyo. Usisubiri asubuhi, na beba vidonge vyote vya nyumbani kwenye mfuko mpaka vile vya maumivu, daktari wa zamu anahitaji kuona kila kitu. Hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ni bora zaidi kama unaweza kuchagua, maana dialisisi inaitoa metformini na asidi kwa pamoja.

Pombe nyingi kwa mkupuo inaongeza hatari hii hii, hasa mtu akinywa bila kula. Ini likiwa na kazi ya pombe haliwezi kushughulikia laktiki. Bia moja na nyama choma kwa mtu mwenye figo nzima sio jambo, mzinga wa pombe kali usiku kucha ni jambo.

"Natetemeka na jasho linanitoka" na "miguu inawaka moto"

Kutetemeka, jasho na njaa ya ghafla ni sukari kushuka, na metformini peke yake ni nadra sana kushusha kiasi hicho. Tafuta mwenzake: glibenklamidi, glimepiridi, insulini.

Miguu kuwaka au ganzi kwa mtu aliyetumia metformini miaka minne au zaidi, watu wote wanasema ni sukari imeshika mishipa, na mara nyingi ni kweli. Lakini metformini inapunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na upungufu wake unaleta ganzi ile ile, pamoja na damu kupungua na ulimi kuuma. Hasa kwa mtu asiyekula sana nyama, mayai au maziwa. Omba kipimo cha B12, kama ni ndogo inatibika kwa sindano au vidonge, na metformini unaendelea nayo.

Mawili ya kusema kabla hujaulizwa

Ukipelekwa CT skani ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, sema unatumia metformini. Kama eGFR yako iko chini ya 60 mara nyingi utaambiwa uisimamishe siku ya kipimo na usirudie mpaka saa 48 zipite na figo zipimwe tena. Upasuaji mkubwa pia, sema mapema.

Na kama unatumia ARV ile ya TLD, mwambie daktari wa sukari hata kama huzungumzi mambo hayo kirahisi. Dolutegraviri iliyomo ndani inaziba njia ambayo metformini inapitia kutoka, kwahiyo 1000 unayomeza inafanya kazi kama dozi kubwa zaidi. Kikomo kinachopendekezwa ni 1000 mg kwa siku, na kliniki hizo mbili mara nyingi ziko majengo tofauti zenye mafaili tofauti, kwahiyo anaeweza kuziunganisha ni wewe na kadi zako mbili mkononi.